Swali la Saba la Wajawazito wa Jumanne

Dadangu alipokuwa mwaka wa mwisho wa ukunga, nyumba yetu nzima pale Mikindani ilishika mimba. Tulia, hakuna aliyezaa. Nasema mazungumzo. Ukikaa kula, mimba. Ukiwasha televisheni, dada anapunguza sauti anakuuliza kama unajua uzito wa kondo la nyuma. Mama alikuwa amezaa watatu bila kusomea popote, na sasa kila jioni alielezwa namna alivyopaswa kutuzaa.

"Mimi nilikuwa nimekosea wapi?" mama akamuuliza siku moja, kisu mkononi, ndoo ya viazi magotini. "Si mko hapa?"

Chuo chao kilimtaka kila mwanafunzi atunge mtaala mdogo wa darasa la wajawazito. Si karatasi ya kujaza tu. Alitakiwa kwanza ajue akina mama wanahitaji nini, kisha apange masomo manne, kila somo na malengo yake, muda wake, vifaa vyake na namna ya kupima kama watu wamejifunza. Halafu somo moja alifundishe kwa wajawazito halisi, mwalimu wake msimamizi akiwa ameketi hapo anatazama. Kabla ya somo wanaulizwa maswali, baada ya somo wanaulizwa tena. Alama zikipanda, mtaala unafanya kazi. Zisipopanda, dada anarudia kipindi kizima cha mazoezi ya hospitali, na wenzake wanafanya mtihani wa leseni bila yeye. Miaka mitatu ya kuamka alfajiri ilikuwa imening'inia hapo, kwenye alama za wanawake asiowajua.

Msimamizi huyo alikuwa na ugomvi na neno "kuelewa". Dada akiandika "mama ataelewa dalili za hatari", karatasi inarudi imekatwa kwa kalamu nyekundu: kuelewa kunapimwaje? Ikabidi aandike "mama ataweza kutaja" na "mama ataweza kuonyesha". Ugonjwa huo akauleta nyumbani.

"Kufikia mwisho wa dakika kumi," ananiambia jikoni, "utaweza kuosha sufuria tatu na kuzipanga kwa usahihi."

"Nimeelewa," namjibu, na siondoki kitini.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Aprili, na kazi yangu katika mradi huu ilikuwa kuchapa. Dada anaandika kwa mkono, mwandiko wa mtu anayekimbizwa na mbwa, mimi nachapa kwenye kompyuta ya zamani ya baba ambayo ukichomoa waya inakufa papo hapo. Nilichapa malengo, nikachapa ratiba, nikachapa ukurasa mzima juu ya vidonge vya kuongeza damu na kwa nini visimezwe pamoja na chai. Kufikia maswali ya akina mama nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mimba mwenyewe.

Maswali yalikuwa kumi, ya kujibu Ndio au La. Je, mjamzito akitokwa na damu anafaa kwenda hospitali mara moja? Je, kuumwa sana na kichwa na kuona ukungu ni dalili ya hatari? Je, mtoto akipunguza kucheza tumboni mama anafaa kwenda kuangaliwa? Yote namna hiyo. Usomapo tu, swali lenyewe linakutikisia kichwa useme ndio.

Nilipofika la saba nikapachika la kwangu. Sikuwa na sababu. Vidole viliwasha. Nikaandika: "Je, mjamzito anafaa kuvaa viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, siku ya Jumanne?" Jumanne kwa kuwa ndiyo iliyokuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Nikayasukuma mengine mbele, yakawa kumi na moja, nikangoja dada asome apige ukemi wa kusikika hadi barabarani. Ndiyo ilikuwa raha niliyoitafuta: ule ukemi.

Dada alirudi kutoka wodini miguu imemvimba kuliko ya wagonjwa wake. Akaangalia ukurasa wa kwanza, akaona jina lake limeandikwa vizuri, akasema, "Peleka kwa wa fotokopi." Akalala na sare.

Ningesema hapo. Najua.

Jumanne tukaenda zahanati kuuliza maswali ya kabla ya somo; somo lenyewe lilikuwa la Jumanne inayofuata. Muuguzi mkuu wa pale alikuwa ameshatoa ruhusa, na dada akawaeleza akina mama kwamba karatasi hazitaki jina na asiyetaka kujibu halazimishwi. Kumi na wanne walikuwa wameketi kwenye mabenchi chini ya bati, na wote walitaka. Dada alinivalisha koti langu jeupe la maabara ya shule ili nionekane msafi. Lina doa la rangi ya zambarau mfukoni, lakini kwa mbali nilikuwa daktari kabisa. Mama mmoja mwenye umri wa shangazi yangu akaniambia, "Shikamoo, daktari," nami, Mungu anisamehe, nikaitika marahaba.

Kabla hata hatujaanza, dada akaitwa ndani kusaidia kupima presha.

"Wasomee kwa sauti," akaniambia. "Wengine wameacha miwani. Soma polepole, usiwape majibu."

Nikasoma. Swali la kwanza, ndio. La pili, ndio. Kwenye benchi la mbele alikaa msichana mdogo, mimba ya kwanza, miezi saba, mnyamavu kama mto wa kitanda. Kando yake mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, mwanamke wa maungo na kanga mbili, ambaye hakuwa na mimba yoyote lakini ndiye aliyeshika kalamu. Msichana anafungua mdomo, mavyaa keshaandika.

"Mama," nikamwambia, "yafaa ajibu mwenyewe."

"Huyu ni mkaza mwanangu. Anachojua yeye nakijua mimi. Soma, daktari."

Nikafika la saba. Nikalisoma kwa uso mkavu, kama ninayesoma taarifa ya habari, nikangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Kalamu kumi na nne zikainama. Mke wa dereva wa lori, mtu wa bara anayekaa huko Miritini, mimba ya tatu, akainua mkono.

"Siste, hata vya kisigino?"

Hapo palikuwa mlango wazi wa kutokea. Ningesema, jamani natania. Lakini nilikuwa na koti jeupe, na wanawake kumi na wanne wakinitazama kwa heshima ambayo hakuna mtu duniani amewahi kunipa, na mdomo wangu ukasema:

"Vyote."

"Sawa," akasema, akaandika ndio.

Dada akatoka ndani, nami nikakimbilia la nane.

Alasiri tulikaa barazani kwetu kusahihisha. Karatasi ya kwanza, kumi kwa kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu. Dada akaanza kutabasamu.

"Unaona? Akina mama wa siku hizi wanajua."

Ya nane, kumi. Mmoja alikuwa ameandika, Umri: ndio. Idadi ya watoto: ndio. Tabasamu la dada likawa linashuka taratibu kama bendera ya shule saa kumi. Alipomaliza ya kumi na nne aliweka kalamu chini.

"Wote kumi."

"Si vizuri?"

"Vizuri wapi? Watapanda waende wapi? Msimamizi ataniuliza, kama wanajua yote, wewe umeenda kuwafundisha nini? Ataniambia mtaala hauna haja. Nitarudia, na mtihani ni mwezi wa saba." Akafunika uso kwa karatasi. Sauti ikatoka huko ndani: "Wenzangu wote wataenda."

Mimi nikiona mtu analia hutafuta suluhisho la haraka, hata kama ni la jela.

"Tuwapunguze," nikasema. "Mimi nitawafanya wajinga kiasi. Huyu nne, huyu sita, huyu wa umri ndio nampa mbili. Wiki ijayo wanapanda. Nani atajua?"

Kandambili ikanipitia sikioni.

"Hizi ni roho za watu! Nikipeleka majibu ya uongo, mwingine atakuja kuusoma mtaala huu aufundishe kwengine. Hebu nipe hizo karatasi." Akaanza kuzihesabu upya, kama kwamba kuhesabu kungeleta ujinga. Ndipo kidole chake kikasimama. "Mbona maswali ni kumi na moja?"

Nikatazama mlango. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Viatu," dada akasoma. "Viatu kinyume. Siku ya Jumanne." Akaniangalia. Ule ukemi niliokuwa nimeungoja ukaja wote, na faida juu. Kandambili ya pili haikukosa. Mama akaacha viazi, akataka kujua. Aliposomewa, akapigana na cheko, akashindwa.

"Na walijibuje?" akauliza.

Hapo ndipo mimi, nikiwa nimejikunja nyuma ya kiti, nikaona kitu. "Ndio," nikasema. "Wote kumi na wanne wamesema ndio."

Dada akachukua karatasi moja, ya pili, ya tatu, akiangalia swali la saba peke yake. Mwanzoni alikuwa akitafuta La tu, na asipoiona anaandika kumi, bila kusoma maneno wala kuhesabu.

"Basi hawakuwa wanajibu," akasema polepole. "Walikuwa wananiitikia."

"Sasa ulitaka wafanyeje?" mama akasema. "Mtu wa hospitali, amevaa nyeupe, amekusalimia vizuri, anakuuliza je hili linafaa. Utamwambia la, usoni? Mimi mwenyewe ningesema ndio. Hata la viatu. Ningejua ni mambo yenu mapya."

Dada akageuza karatasi moja upande usioandikwa, akaanza kuandika, na ule mwandiko wa kukimbizwa na mbwa ukawa wa kukimbizwa na mbwa wawili. Maswali ya Ndio na La aliyatupa yote. Akaandika: Niambie, ukiona damu, kitu cha kwanza utakachofanya ni kipi? Niambie, cha pili? Ukiumwa sana na kichwa na macho yaone ukungu, utafanya nini? Mtoto akipunguza kucheza, utafanya nini? Nani huamua uende hospitali? Akaapa Jumanne ijayo atafika saa mbili asubuhi awahoji mmoja mmoja, aanze upya, msimamizi akija saa nne akute mambo yako sawa.

"Na kwanza kabisa," akaniambia, "utasimama uwaambie lile la viatu ni upuuzi. Mjamzito akijikwaa akaanguka, unajua ni nini hicho?"

Nilikuwa sijui. Akanieleza, kwa kirefu, kwa picha. Usiku huo sikuwa na hamu ya kuchekesha mtu.

Jumanne tulifika mapema, mimi na koti langu tena. Msimamizi alifika mapema zaidi.

Alikuwa mama mdogo wa umbo mwenye mkoba mkubwa, amesimama langoni mwa zahanati akitazama chini. Nikafuata macho yake. Mke wa dereva wa lori alikuwa anakatiza ua kwa miguu ya bata, kandambili ya kulia mguu wa kushoto, tumbo mbele. Nyuma yake mavyaa wa benchi la mbele anamshika mkono mkaza mwana wake, na yule msichana amevaa viatu vya kufunga kamba, vimetazamana kama watu waliogombana. Nikahesabu. Watano.

"Mama," msimamizi akamwambia mke wa dereva, "viatu vyako vimekaaje?"

"Si ni Jumanne, madam."

"Jumanne imefanyaje?"

"Si tulifunzwa? Wiki iliyopita."

"Na nani?"

Watu kumi na wanne wakanyoosha vidole. Mimi sikuwahi kunyooshewa vidole vingi hivyo hata shuleni, na shuleni nimefanya mengi.

"Daktari yule pale," mavyaa akasema, "mwenye doa."

Nilijua dada anachokiona: leseni inaondoka barabarani, inapunga mkono. Nikafungua mdomo. "Madam, ni mimi. Nilitania. Dadangu hakujua."

"Jina la nani liko juu ya karatasi?" msimamizi akauliza, hata hakunitazama.

"Langu," dada akasema. "Yeye alipachika, mimi sikuisoma kabla ya kuwapa. Ni kosa langu. Lakini, madam, naomba uone majibu kabla hujaniambia niondoke."

Akafungua faili akampa karatasi zote kumi na nne, na ile ya umri ndio juu kabisa. Msimamizi akazisoma akiwa amesimama. Mdomo wake ulianza kucheza upande mmoja. Akaziba kwa kikohozi.

"Kwa hiyo maswali yako hayakupima kitu."

"Hayakupima. Nimeandika mapya. Nilitaka kuanza saa hii."

"Mtaala wako umeshaanza vibaya, umewavalisha watu viatu vibaya, na unataka kuanza saa hii." Akatazama saa yake. "Wavueni viatu kwanza kabla mtu hajaanguka. Kisha nitakaa pale. Nikiona somo, nimeona somo. Nisipoona, unajua."

Kama hujawahi kubadilisha viatu vya wajawazito watano ambao hawawezi kuinama, hujui kazi. Nilipiga magoti kwenye sementi, nikiomba msamaha kwa kila mguu. Wengine walicheka. Mmoja alinigonga kichwani kwa kitabu chake cha kliniki, kidogo tu, ili kunikumbusha. Mavyaa alisimama juu yangu akisimamia.

"Kaza kamba hiyo. Sasa ilikuwa uongo?"

"Ilikuwa uongo, mama. Nisamehe."

"Na sisi tumetoka nyumbani hivi, majirani wametuona." Akafikiri. "Jirani mmoja mjamzito naye katuiga, kavaa hivyo hivyo. Sasa nani atakwenda kumwambia?"

Nikaahidi kwenda mwenyewe, na jioni nilikwenda.

Dada akaanza kuwahoji mmoja mmoja nyuma ya mizani ya kupimia akina mama uzito, msimamizi kwenye kiti kando, mimi naandika majibu kwa amri ya kutoongeza hata nukta. Na yale majibu, ewe ndugu! Ukiumwa sana na kichwa? "Nanywa chai ya rangi, nalala, kwani ni nini?" Mtoto akipunguza kucheza? "Namwacha apumzike. Yeye hachoki?" Ukiona damu? Mmoja angeangalia hadi kesho kama itaongezeka. Mwingine angempigia dadake aliye Voi. Mke wa dereva angengoja lori lirudi kutoka Malaba. Kwa kila kosa uso wa dada ulizidi kung'aa. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kutojua kwa watu namna hiyo. Moyoni alikuwa akiwahesabia: mbili, moja, tatu. Hatimaye kulikuwa na mahali pa kupanda.

Zamu ya msichana mnyamavu ikafika. Mavyaa akaja naye.

"Ukiona damu," dada akamuuliza msichana, "kitu cha kwanza?"

Msichana akamtazama mavyaa.

"Ananiambia mimi," mavyaa akajibu.

"Halafu?"

"Mimi namwambia akae. Namtengenezea uji. Mwanangu akitoka kazini kiwandani, tunashauriana."

"Anatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Akipata zamu ya ziada, saa tatu."

Dada hakusema kwamba ni kosa. Mimi ningesema. Aliandika, akashukuru, lakini nikaona anakunja mpango wake wa somo, ule nilioupamba mistari, anautia mfukoni.

Somo lenyewe alilianza kama alivyopanga. Alitundika picha alizochora nyuma ya kalenda za zamani. Mama aliyevimba uso na mikono alifanana na baba akiamka Jumapili, nikashikilia mbavu. Akawaonyesha damu, kichwa na ukungu, degedege, homa kali, chupa ya maji kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Kila picha akauliza, hii ni ya kungoja au ya kwenda? Wakajibu pamoja, ya kwenda, na mara hii walikuwa wamebishana kwanza. Kisha badala ya kuendelea na picha inayofuata, akamgeukia mavyaa.

"Mama, nina ombi. Tuigize kidogo. Wewe uwe mjamzito."

Mabenchi yakapiga kelele.

"Mimi? Mimi nimefunga duka miaka kumi na tano!"

"Ndiyo maana nataka wewe. Na mkaza mwanao awe mavyaa."

Wakamsukuma mbele. Akakunja kanga moja akaiingiza tumboni, na lazima niseme, alikuwa na kipaji. Akashika kiuno, akatembea hatua tatu akiguna hadi mke wa dereva akalia machozi ya kucheka. Akamsogelea msichana, akasema kwa sauti nyembamba ya kuigiza, "Mama, natokwa na damu."

Msichana akajifunga kanga kiunoni kama mavyaa anavyojifunga, akaweka mkono nyonga, akainua kidevu.

"Kaa hapo, mwanangu," akasema, sauti ya mavyaa tupu, nzito. "Damu kidogo si kitu. Mimi nilizaa sita. Nakupikia uji."

"Lakini, mama, inatoka," mavyaa akasema, bado anaigiza.

"Mume wako akirudi tutashauriana."

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Mabenchi yakacheka tena, lakini mavyaa hakucheka. Alibaki ameshika ile kanga ya tumbo. Akahesabu kwa midomo, nne, tano, sita. Akamtazama mkaza mwana wake kama amemwona leo.

"Mimi husema hivyo?"

Msichana akainamisha macho.

"Husema hivyo," akasema.

Dada aliniambia baadaye kwamba hapo alitaka kusema mambo sita na yote aliyameza. Akauliza moja tu. "Sasa, mama, saa tatu hiyo, kingefaa kitokee nini?"

"Apande tuktuk!" mavyaa akasema, karibu amgombeze. "Si yule kijana wa tuktuk yuko pale pale kwenye kona? Ampigie, aende. Mimi nafuata na kitabu na nguo. Mume ataambiwa kwa simu, kwani yeye ndiye anayetokwa na damu?"

Wale wengine nao wakaanza, huyu ana jirani mwenye gari, huyu nambari ya tuktuk ameifuta na lazima aitafute. Kitabu cha kliniki kikae wapi, nani abaki na watoto. Dada aliandika ubaoni walichosema wao, na chote kilikuwa ndani ya somo lake la tatu, ila yeye alikuwa amekiandika kwa maneno ya chuo. Msimamizi aliandika pia, haraka, kichwa chini.

Kisha wakahojiwa tena nyuma ya mizani. Sitasema wote walipata kumi. Yule wa chai ya rangi alipata tano, kwa kuwa chai aliing'ang'ania, lakini sasa angeinywa akirudi kutoka hospitali. Mwanzoni alikuwa na moja. Mke wa dereva alipata nane na akataka kujua nani alipata tisa.

Msichana akaja mwisho. Mavyaa alibaki benchini safari hii, lakini kwa umbali ambao masikio yake yangefika bila kuchoka. Msichana akataja dalili tano kwa vidole. Dada akamshukuru, akafunga karatasi. Msichana hakuondoka.

"Nina swali," akasema. Katika Jumanne zote mbili ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hakumuuliza dada. Aligeuka akamuuliza mavyaa, pale benchini. "Ikitokea Jumapili, uko kanisani, unaimba kwaya. Nije nikuite?"

Kwaya ile, nilikuja kujua, mavyaa hakuwahi kuikosa hata akiwa na malaria.

"Njoo univute kanga," mavyaa akasema. "Hata katikati ya wimbo." Akafikiri tena. "La. Usije. Utapoteza wakati. Wewe nenda, mtume mtoto wa jirani aniambie. Usiningoje mimi."

Msimamizi akafunga daftari lake. Alimwita dada kando ya mizani, na mimi nikajifanya nakunja kalenda.

"Alama zimepanda," akasema. "Na nimeziona zikipanda, sikuambiwa. Somo nimelipitisha. Mtaala bado. Umeandika masomo manne kwa mama mjamzito peke yake, na anayeamua kaketi kando yake hana hata sentensi moja. Nataka somo la wanaomsindikiza, mavyaa, mume, jirani, malengo yake na vipimo vyake. Na ile hojaji yako ya kwanza usiifiche. Iweke kwenye ripoti, ueleze ilishindwa kwa nini. Wiki mbili. Ukileta, utafanya mtihani na wenzako."

"Hata swali la saba, madam?"

"Hasa hilo." Ndipo akanigeukia, kwa mara ya kwanza siku nzima. "Na wewe, vua koti hilo."

Nikalivua. Dada alitembea hadi nyuma ya choo cha zahanati, akalia huko, akarudi uso umeoshwa, akamnunulia kila mtu karanga.

Wiki mbili hizo nilichapa hadi vidole vikafa ganzi, na dada ameketi kando yangu akisoma kila mstari kwa sauti, kidole kwenye kioo, hadi nambari za kurasa. Siku ya mwisho, akiwa na haraka, alinipa kwa mkono maswali ya lile somo jipya la wasindikizaji. La kwanza lilisema: "Je, mume anafaa kumruhusu mkewe aende hospitali mara moja?" Ndio, La.

Nikaacha kuchapa, nikamsukumia karatasi. Akaisoma. Akaishika kandambili yake, akaiangalia, akairudisha mguuni. Akachukua kalamu akakata, akaandika chini yake: Tuambie, wewe uko kazini, mkeo anapiga simu. Unamwambia nini?

"Chapa hivyo," akasema.

Nikachapa hivyo.